Mwanangu, oda ya mahkama usiiogope

Mwanangu Asya, voisi yako nimeisikia mara mbili na baba ako kaisikia pia. Kwanza hilo la mumeo kukushika koo, usiliite ugomvi. Hapo Leicester, Uingereza, ulipo, kumkaba mtu koo ni kosa peke yake kisheria tangu Juni 2022, kifungo chake kinafika miaka 5, hata kama shingoni hakuna alama. Nenda kwa daktari wako uliyejisajili, aandike: sauti imekukauka, kumeza kunauma. Na polisi waambie, maana nao wana njia yao, wanaweza kumpa notisi asikusogelee papo hapo, halafu ndani ya saa 48 wapeleke kwa hakimu, akikubali anazuiwa siku 14 mpaka 28. Hiyo huhitaji kuiomba wewe. Lakini ni fupi, inakupa pumzi tu ya kwenda kutafuta yako.

Yako ni ile nonmolestesheni oda, amri ya mahkama ya kumkataza asikudhuru wala kukusumbua, na wajua mama ako miaka nilokuwa huko nimefanya ukalimani sana kwenye mahkama za familia kwa hivyo haya siyasikii redioni. Fomu ni FL401, ada hakuna hata senti. Unaambatanisha maelezo yako, na hapo ndo watu wanaharibu, wanaandika "ananitesa sana" basi. Jaji hawezi kufanya kitu na hiyo. Andika tukio la mwisho kwa tarehe na mahali, kakushika vipi, kasema nini, watoto walikuwa wapi, halafu la mwanzo, halafu lile baya kuliko yote. Na useme waziwazi kwa nini unataka jaji akusikilize bila ya yeye kuambiwa, yaani akijua umeenda mahkamani atakufanya nini. Ukihama, anwani mpya usiiandike kwenye FL401, iweke kwenye fomu C8, haoneshwi.

Kuna dada mmoja wa Kipemba nilimkalimania, alipeleka karatasi Jumanne asubuhi, Jumatano jaji kashamsikiliza na oda katoka nayo. Asimpige, asimtishie, asimpigie simu wala kumtumia meseji, asimtume mtu, asikanyage mtaa wake wala skuli ya watoto. Ikapangwa tarehe ya kurudi ndani ya wiki mbili ili mume naye aseme yake. Sasa sikiliza hapa, ile Jumatano usiku mume akaja kugonga mlango na kwa kosa la kuvunja oda polisi hawakuweza kumshika, kwa sababu alikuwa bado hajui kama ipo! Oda inamshika akishaijua. Apewe mkononi, na mke asimpe mwenyewe, ampe wakili au mtu wa mahkama ukiomba, na polisi wapate nakala na ushahidi kwamba kapewa. Yule alipewa Alkhamisi kazini kwake, Jumamosi akatuma meseji ya "nisamehe", akakamatwa. Meseji ya kuomba radhi! Kuivunja ni jinai, mpaka miaka 5.

Kumtoa nyumbani ni oda nyengine, ya makaazi, unaiomba kwenye fomu ileile. Hiyo usitarajie siku moja, majaji hawapendi kumtoa mtu kwake bila kumsikia, basi mara nyingi inangoja ile tarehe ya kurudi. Hapo jaji anapima, nani ataumia zaidi, wewe na watoto akibaki au yeye akitoka. Nyumba kuwa kwa jina lake haikuzuii, wewe ni mke una haki ya kukaa, na jaji anaweza hata kumuamuru aendelee kulipa kodi. Mwambie waweke na amri ya kukamatwa ndani yake, kwa sababu hii ya makaazi kuivunja peke yake si jinai kama ile.

Siku hiyo ya kurudi wakili wake atakufata koridoni, mpole kweli, atasema mteja wangu yuko tayari kutoa ahadi mbele ya jaji, yaishe. Usikubali. Ahadi ikivunjwa polisi hawamkamati kwa hiyo ahadi, unarudi wewe mwenyewe mahkamani kulalamika. Na sheria yenyewe inamwambia jaji asipokee ahadi badala ya oda pale mtu alipotumia nguvu na oda inahitajika kukulinda, mkumbushe.

Hilo la kukwambia atakufutia viza urejeshwe Unguja, mke aliyeingia kwa viza ya mume akivunjikiwa ndoa kwa kupigwa ana njia yake ya kuomba kubaki, lakini kamuone wakili wa uhamiaji mapema usingoje viza iishe.

Wazee wa kwao washaanza kupiga huku, wanataka tukae kikao tusuluhishe. Ukishapata oda usizungumze nao, akiwatuma yeye na hiyo ni kuivunja, wee weka rikodi ya simu. Mkwe wetu akipiga hapa Wete, ataipokea baba ako.