Kumsalimu mgeni wetu kesho

Ndugu wanakikundi, habari za jioni. Kesho mgeni akiingia, tusimame na kumwambia "Karibu sana" kwa tabasamu, mikono ikiwa bado chini. Tumpe nafasi aanze yeye. Akinyoosha mkono, mpokee kwa mkono wa kulia bila kuubana. Akiweka kiganja kifuani, fanya vivyo hivyo. Waislamu na Wayahudi wengi washika dini hawashikani mikono na mtu wa jinsia nyingine asiye wa familia, na hiyo si dharau hata kidogo. Akiinama, rudi nyuma hatua moja ndipo uiname, msije mkagongana vichwa. Na mkono wako ukiwa umeshatangulia asiupokee, usiuache ukining'inia: upeleke kifuani, endelea kumkaribisha kwa maneno.