Kwa nini tukipokea simu ya buking tunakuuliza na siku ya juma

Wageni wengine hutuona wasumbufu. Mtu anapiga simu kutoka Milano kutaka chumba hapa Mji Mkongwe, sisi tunamwambia ataje jina lake herufi moja moja, kisha tunamrudishia. Inachukua dakika mbili zaidi, lakini jina likikosewa, dereva atasimama uwanja wa ndege na kibao ambacho mgeni anakipita bila kujitambua.

Tatizo letu kubwa ni E na I. Chukua jina la Kiitaliano, Benedetti. Mwenyewe akifika herufi ya mwisho anasema "i", kama tunavyoitamka kwa Kiswahili. Kijana wa mapokezi, aliyezoea alfabeti ya Kiingereza ya shuleni, akisikia "i" anaandika E, na jina linakuwa Benedette. Mgeni hajakosea, na kijana naye hajakosea. Kila mmoja ana alfabeti yake kichwani.

Kwa hiyo hatutaji herufi peke yake. Tunasema "E, Europa, I, Italia". Waitaliano wenyewe wana desturi hiyo: kwao A ni Ancona, B ni Bologna. Ila neno la mfano lichaguliwe vizuri. Ujerumani haifai kabisa, kwa sababu Mwingereza anaianza kwa G, Mfaransa kwa A na Mjerumani mwenyewe kwa D.

Tarehe ina mtego wake. Mgeni akisema kwa Kiingereza 13 Septemba, laini ikikatakata inasikika 30. Ukimuuliza "Tarehe 30, sawa?" atajibu ndiyo, maana asiyeijua lugha vizuri hujibu ndiyo ili mambo yaende. Ndiyo hiyo haina kazi. Tunamuuliza: ni siku gani ya juma? Mwaka 2026, tarehe 13 Septemba ni Jumapili na 30 ni Jumatano. Akisema Jumapili wakati sisi tumeandika 30, tunajua hapohapo kwamba kuna mmoja hakusikia vizuri. Muhimu siku aitaje yeye. Tukimtajia sisi, ataitikia tu.

Halafu kuna ndege za usiku. Anayetua tarehe 13 saa nane usiku hutuambia anafika tarehe 13, naye ni mkweli, lakini kitanda anakihitaji tangu tarehe 12. Hata kwa Kiswahili "usiku wa Jumapili" una utata, kwani wazee wa pwani huanza kuhesabu siku jua linapozama, na kwao huo ni usiku unaofuata Jumamosi mchana. Sisi tunasema "usiku wa kuamkia Jumapili", tunaandika 02:00, kisha tunahesabu naye idadi ya usiku atakaolala.

Namba ya simu tunaisoma tarakimu moja moja. Mjerumani husema "nne na ishirini" akimaanisha 24, na anayefuata kwa haraka huandika 42. Tukishamaliza kuisoma, tunaituma buking yote kwa WhatsApp kwenye namba hiyohiyo kabla hatujakata simu, na tunasubiri aseme imeingia.