Mtaro wa fundi bomba, skafoldi ya wapiga plasta

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kwenye saiti moja huku Uyole fundi bomba alichimba mtaro karibu kabisa na miguu ya skafoldi ya wapiga plasta, usiku mvua ikapiga, asubuhi udongo umemeguka na mguu mmoja unaning'inia hewani, na vijana walikuwa washaanza kupanda. Bahati mmoja akaona ubao umeinama. Kuulizwa, fundi bomba anasema skafoldi siyo yake, wa plasta anasema mtaro siyo wake, na mkandarasi mkuu ndo hata hakujua kama kuna mtu anachimba!

Vyeti vya OSHA, wale wa usalama kazini, na vya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, mkandarasi aliwaomba wote kabla ya kuwapa kazi, sawa, ila cheti hakizuii udongo kumeguka. Hapo anatakiwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina, ndo atoe kibali cha kuchimba baada ya kwenda kuangalia mwenyewe, na mwingine akague skafoldi kila mvua ikinyesha au mtu akichimba jirani, ikiwa mbovu aweke tagi nyekundu isipandwe. Na fundi mgeni atembezwe saiti aonyeshwe hao watu, siyo kusainishwa daftari getini basi.

Msomaji wako, Mbeya