Malalamiko: gabadini ya sketi 115 imekuja upana 45 wakati niliagiza 60

Kwa Meneja Mauzo,

Habari za kazi. Mi ni fundi wa sare niko Mbagala, nimekuwa nachukua kitambaa kwenye duka lenu la Kariakoo muda mrefu na sijawahi kuwaandikia barua, mara zote tunamalizana kwa simu. Safari hii simu nimepiga mara nne, kila anayepokea ananielekeza kwa mwingine, kwa hiyo naandika ili kila kitu kiwe sehemu moja na asije mtu akasema hajaelewa.

Nina oda ya sketi 115 za wanafunzi wa sekondari, nevibluu, marinda ya boksi. Nilimuuliza kijana wenu wa mauzo kwa WhatsApp, akanijibu kwa maandishi: gabadini, upana inchi 60, jora mita 30, bei 6,000 kwa mita. Na profoma mlionitumia imeandika hivyohivyo, upana 60. Nikaagiza majora 7, yaani mita 210, nikalipa 1,260,000 yote kabla ya mzigo kutoka.

Mzigo umefika jioni kwa kirikuu, umefungwa nailoni nyeusi, mimi nilikuwa nimetoka na aliyesaini ni binti ninayemfundisha kazi. Alihesabu majora, yalikuwa 7, akasaini. Hapo simlaumu na wala nyie msije mkaiegemea hiyo saini, maana aliyosaini ni idadi ya majora, karatasi yenyewe ya kupokelea haina sehemu ya upana.

Asubuhi nikafungua jora la kwanza. Kabla hata ya kulitandaza mkono ulishaniambia kuna kitu, kwa sababu gabadini ya 60 ikikunjwa katikati na kuzungushwa kwenye bodi inakuwa na inchi 30, unaikumbatia, hii ilikuwa fupi kama bodi ya kitambaa cha shati. Nikapima bodi, inchi 22 na nusu. Nikakunjua kitambaa kimoja nikapima ukingo hadi ukingo sehemu tatu tofauti, mwanzo, baada ya mita tano, na baada ya kumi, zote 45. Ukitoa ule ukingo wenye matobo madogo ambao haushoneki unabaki na 44 za kufanyia kazi. Nikapima majora yote 7 kwa bodi, yote ni yaleyale.

Sasa kijana wenu aliponipigia akasema "mama, mita si ni zilezile, tofauti ni upana tu". Naomba hapa mnisikilize vizuri kwa sababu ndo kiini cha malalamiko yangu, mita hazina maana bila upana, zile mita 210 nilizipata kutokana na 60, sikuzitoa hewani.

Sketi ya marinda ya boksi inakula kitambaa mara tatu ya mzunguko wa nyonga. Saizi ninayopigia hesabu ni nyonga 38, mara tatu ni 114, ukiweka mishono ya pembeni ni 116. Kwenye kitambaa cha 60 napata 58 za kazi, kwa hiyo vipande viwili tu, cha mbele na cha nyuma, 58 na 58, inakuwa 116 kamili. Urefu wa sketi ni 28, pindo la chini 3, na inchi moja ya juu kwenye mkanda, jumla 32 kwa kila kipande. Vipande viwili ni inchi 64, kama mita 1.63, nikiongeza mkanda wa kiuno na kunyoosha kitambaa pale kinapokatwa upande inakuwa mita 1.70 kwa sketi. Hiyo 1.70 ndo niliyompa mwenye shule bei yake na ndo niliyoagizia.

Kwenye 45 vipande viwili vinatoa 88 tu. Lazima ukate cha tatu, na hicho cha tatu unachukua inchi 29 kati ya 44 (inchi moja inaliwa na mshono wa kuunga), zinabaki 15 ambazo unatoa mkanda na mifuko. Kwa hiyo sasa ni vipande vitatu vya inchi 32, inchi 96, weka mita 2.45 kwa sketi moja. Robo tatu ya mita zaidi kwa kila mtoto.

Halafu kuna la pili ambalo nimeligundua nikiwa natandaza. Jora la kwanza nimelipima lote kwenye meza, nimelipima mara mbili na binti akiwa ameshika upande wa pili, ni mita 27 na sentimita 43. Nikashangaa, nikalipima la pili, vilevile. Ndo nikaangalia kile kikaratasi cha kiwandani kilichobandikwa ndani ya bodi, kimeandikwa 30Y. Ni yadi jamani. Yadi 30 ni mita 27.43, na bei mlionitajia ni ya mita. Majora 7 yanakuwa mita 192, nimelipia 210, mita 18 hazipo na kwa 6,000 hizo ni 108,000 za kwangu hata kabla hatujagusa habari ya upana.

Nikarudi kwenye invoisi yenu kuangalia ilikuwaje nisilione hili mapema. Imeandikwa: gabadini nevi, 210, bei 6,000, jumla 1,260,000. Ukizidisha inakubali, 210 mara 6,000 ni 1,260,000 haswa, ndo maana hata mimi niliipitia nikaona iko sawa. Ila hiyo 210 haijasema ni mita au yadi, na upana ambao kwenye profoma ulikuwepo, kwenye invoisi haupo kabisa. Profoma inasema 60, invoisi imenyamaza, jora linasema 45 na 30Y. Karatasi tatu za mzigo mmoja na hazifanani. Sijui ni stoo walitoa mzigo mwingine au ni aliyeandika invoisi, sitaki kumsingizia mtu, lakini kosa limetokea kwenu kabla mzigo haujapanda gari.

Nimepiga hesabu kwa jora, sio kwa jumla, kwa sababu kitambaa kinakatwa jora kwa jora na kile kinachobaki mwishoni huwezi kukiunganisha na cha jora lingine, rangi inaweza kupishana kidogo na kwenye marinda inaonekana mtoto akisimama juani. Jora la mita 30 la upana 60 linatoa sketi 17 na mita moja na kidogo inabaki, majora 7 ni sketi 119, yaani 115 za oda na 4 za tahadhari. Jora mlilonipa linatoa sketi 11, inabaki nusu mita hivi. Majora 7 ni sketi 77. Watoto 38 hawana sketi.

Yule kijana akanishauri niunge, kwamba zile inchi 15 zinazobaki kwenye kila kipande cha tatu nichukue mbili niziunge nipate kipande cha sketi nyingine. Nimejaribu kwa karatasi ya patani, nikaipanga mezani. Ukifanya hivyo unapata sketi 12 kwa jora badala ya 11, jumla 84, bado 31 hazipo. Na kwa kila sketi tatu, moja inakuwa na mshono wa nyongeza ambao hauingii ndani ya rinda, unatokea juu ya uso wa boksi, unakaa wima mbele au nyuma ya sketi. Mwenye shule alinipa sampuli na haina huo mshono. Siwezi kumpelekea sare ambayo watoto wengine wana mshono katikati na wengine hawana, kwangu hiyo sio sare.

Kununua majora ya kuongezea pia sio suluhisho, kwa sketi 38 nahitaji majora 4 mengine kama haya, na kwa jinsi mnavyohesabu ni 120 mara 6,000, yaani 720,000 juu ya ile 1,260,000. Nimekubaliana na shule 22,000 kwa sketi, jumla 2,530,000. Kitambaa kikifika 1,980,000 zinabaki 550,000, na mafundi wangu wawili nawalipa 5,000 kwa sketi ambayo ni 575,000. Hapo sijanunua zipu hata moja, wala uzi, wala umeme. Nimelala usiku mbili naizungusha hii hesabu na haitoki.

Sijakata hata sentimita moja. Majora yote 7 yako kama yalivyokuja, mawili niliyoyatandaza nimeyarudisha kwenye bodi zake na vikaratasi vyake havijabanduliwa. Nimewatumia picha kwa WhatsApp, futi iko juu ya kitambaa na namba inasomeka, na video ya kupima jora lote toka mwanzo hadi mwisho.

Ninachoomba ni mnibadilishie majora yote 7 kwa gabadini nevibluu ya upana 60, mita 210 kamili zilizopimwa kwa mita. Kama majora yenu ya 60 nayo yanakuja ya yadi 30 basi ongezeni jora la nane kwa bei ileile ya mita, tutapima mbele ya wote wawili na nitalipia kinachozidi 210, sina shida na hilo. Yote yatoke kwenye loti moja ya rangi, muangalie namba ya loti kwenye vikaratasi kabla ya kupakia, msinichanganyie. Usafiri wa kurudisha na wa kuleta uwe juu yenu. Na invoisi mpya iandikwe upana na iandikwe neno mita mbele ya 210.

Kama huo mzigo hamna, nirudishieni 1,260,000 yangu nikatafute kwingine, lakini mniambie mapema. Shule inafungua wiki tatu kutoka leo na mimi kwa mafundi wawili natoa sketi 10 kwa siku, yaani siku 12 za cherehani tupu bila kuhesabu kukata na kupiga pasi marinda. Kwa hiyo jibu nalihitaji mwisho Ijumaa hii saa kumi jioni. Mzigo ukija nitaupokea mwenyewe, na dereva wenu atasubiri kidogo nipime bodi na nifungue jora moja kabla sijasaini.

Ni mimi mteja wenu,
Fundi wa sare, Mbagala