Tuletee klipu kabla hujaiwekea muziki

Wateja wengi hutuletea mahojiano ya nje yakiwa yameshawekewa muziki, ndipo waombe tuondoe upepo na magari. Hapo tumeshachelewa. Programu huitambua kelele kwa kusikiliza sekunde chache ambazo hakuna anayeongea, na muziki ukishaingia, sekunde hizo hazipo tena. Ukikata kelele, unakata na muziki.

Chukua klipu ya mama muuza ndizi kando ya barabara kuu ya Moshi–Arusha, aliyerekodiwa kwa simu. Tulianza na upepo. Upepo ukipiga maiki hutoa mngurumo mzito ambao sehemu kubwa yake iko chini kabisa, mahali ambapo sauti ya mwanamke haifiki, kwani kwa kawaida huanzia karibu Hz 160. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, tulifungua High-Pass Filter inayopunguza sauti za chini, tukaweka Hz 120, na mngurumo ukapungua sana bila maneno kuguswa. Angekuwa mzee mwenye sauti nzito, tungeweka Hz 80.

Kisha magari. Tulichagua kimya kifupi kabla mama hajajibu, magari yakivuma kwa mbali, tukafungua Noise Reduction na kubofya Get Noise Profile. Baada ya hapo tulichagua klipu nzima, tukapunguza desibeli 8 tu. Kabla ya kukubali, tulibadilisha Reduce kuwa Residue na kusikiliza kile kinachotolewa. Ukisikia maneno humo, umezidisha: punguza. Ukipuuza hilo, msemaji ataanza kusikika kama yuko ndani ya ndoo, na hakuna muziki utakaoficha kasoro hiyo.

Njia hii inafaa kwa uvumo usiobadilika. Lori lililopiga honi juu ya neno halitoki hivyo, kwa sababu honi na sauti ya mtu vinakaa mahali pamoja. Bahati nzuri mama alitaja bei mara mbili, tukatumia ile ya pili. Asingeirudia, tungeiacha honi ibaki; msikilizaji anajua kuwa soko liko barabarani, na sisi tunapendelea neno linaloeleweka lenye honi kuliko neno safi lililoharibika.

Kuna upepo usiotibika pia: ule uliopiga kwa nguvu mpaka vilele vya mawimbi vikakatika bapa kwenye skrini. Sauti iliyokuwa hapo haikurekodiwa.

Kusawazisha sauti kwa kompresa kunafuata baada ya usafi huu, maana kompresa hubana sauti kubwa, na ukipandisha klipu nzima baadaye, uvumo uliobaki hupanda nayo. Muziki huja mwisho.

Ukitutumia kwa WhatsApp, tuma faili halisi kama dokumenti, siyo ujumbe wa sauti, na usikate vile vimya vya mwanzo na katikati.