Saa ya pikipiki ya maziwa

Mwanangu,

Salamu nyingi. Shangazi yako ametoka hospitali, lakini bado hawezi kusimama, kwa hiyo nitabaki huku Dar wiki tatu. Ng'ombe sasa yuko mikononi mwako.

Ulinieleza kwenye simu kwamba unamkamua unapoamka, kisha unakimbiza keni ya maziwa mwembeni. Geuza hesabu hiyo. Pikipiki ya kituo cha kukusanya maziwa inapita mwembeni saa 1:00 asubuhi, na saa hiyo ndiyo ya kuanzia kuhesabu kurudi nyuma. Kutoka nyumbani hadi mwembeni ni robo saa kwa miguu, basi ondoka saa 12:35. Kukamua, kuchuja na kufunga keni kunataka nusu saa na ziada kidogo. Ukianza saa 11:30 unapata nafasi ya kutosha, na maziwa hayakai muda mrefu. Kwa joto letu la Muheza maziwa mabichi yanavumilia kama saa mbili tu kabla ya kuanza kuharibika, kwa hiyo kukamua saa 10:00 alfajiri ili umalize mapema ni kujidhuru.

Adhana ya alfajiri ikiita, zoa kinyesi na umwage maji bandani. Usifagie pakiwa pakavu wakati unakamua, vumbi lote linaishia kwenye ndoo. Usimwogeshe ng'ombe mwili mzima asubuhi, maji ya mgongoni yatachuruzika hadi kwenye kiwele. Osha kiwele peke yake kwa maji ya vuguvugu, kausha kwa kitambaa safi, kisha kamua michirizi miwili mitatu ya mwanzo ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi. Ukiona mabonge au majimaji, chuchu hiyo ina ugonjwa wa kiwele: maziwa yake usiyachanganye, mwite mtaalamu wa mifugo. Akishampiga sindano, usipeleke maziwa kituoni mpaka siku alizokuambia ziishe.

Ukishaosha kiwele, anza ndani ya dakika moja na usisimame. Kule kuguswa ndiko kunakomfanya ashushe maziwa, na hali hiyo hudumu dakika chache tu. Ukienda kupokea simu katikati, utayaacha maziwa kiweleni. Mpe pumba zilizolowanishwa kidogo wakati wa kumkamua, atulie.

Mabingobingo usimpe kabla. Yaweke horini mara umalizapo, ili asimame anakula nusu saa hivi. Tundu la chuchu linakuwa bado wazi baada ya kukamuliwa, na akilala kwenye tope wakati huo vijidudu vinaingia. Wewe utakuwa njiani na keni, yeye amesimama anakula. Maji yawepo wakati wote, hasa mchana. Akipungukiwa maji, kesho yake utaona kwenye ndoo.

Jioni kamua saa 10:30, siyo mapema. Najua utavutiwa kukamua saa 8:00 mchana ili ya asubuhi yawe mengi zaidi, maana pikipiki inakuja asubuhi tu. Sasa hivi anakaa bila kukamuliwa kwa muda wa saa 11 mchana na saa 13 usiku, na hiyo ni sababu mojawapo ya asubuhi kutoa lita 9 na jioni 5. Ukirefusha usiku zaidi, kiwele kinajaa na kubana, naye anapunguza kutengeneza.

Hayo ya jioni usiyalaze ukachanganye na ya asubuhi. Mwaka jana nilifanya hivyo mimi mwenyewe. Niliyaweka kwenye sufuria la maji ya kisima, nikaamini yamepoa vya kutosha. Kituoni wakayapima kwa kuchanganya kidogo na alkoholi kiasi sawa, yakaganda vipande vipande kwenye kichupa, nikarudishiwa lita zote 14. Zile 9 nzuri ziliharibiwa na zile 5. Hapa kwetu hatuna jokofu, kwa hiyo ya jioni yana soko lake: lita 3 kwa mama wa chai pale njia panda, anayachemsha papo hapo, 1 kwa jirani, na 1 ya ndama. Asubuhi pia ndama ana lita yake, 8 ndizo za keni.

Mvua ikichelewesha pikipiki, weka keni kivulini na uifunike kitambaa kilicholowa. Ikifika saa 1:30 haijaonekana, chukua bodaboda uende kituoni mwenyewe. Ukishayachemsha maziwa ili yasiharibike, kituo hakiyataki tena, kwa hiyo amua kabla ya kuwasha moto.

Daftari liko juu ya kabati. Andika lita za asubuhi na za jioni kila siku, na uandike saa uliyoanza kukamua. Nikirudi nitaanza kwa kulitazama hilo.

Mama yako