Hesabu ya sketi ya marinda: barua ya wazi kwa wahitimu wetu wa ushonaji

Wanangu mnaohitimu,

Hongereni sana. Nimepita meza kwa meza nikizikagua kazi zenu za mwisho, na nimeridhika. Ncha za kola zinalingana kulia na kushoto, zipu zimekaa bila kuvuta kitambaa, na mapindo yamenyooka kiasi kwamba nilipoligeuza vazi ndani nje sikuona tofauti kubwa. Kazi ya namna hiyo ina haki ya kulipwa. Ndiyo maana nawaandikia kuhusu malipo yenyewe, maana mnatoka hapa wiki chache tu kabla ya msimu mzuri kuliko yote kwa fundi anayeanza.

Majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hutoka Desemba, na shule hufunguliwa Januari. Kati ya hapo, wazazi wa Mbeya mjini, Uyole, Mbalizi na Tukuyu wanatafuta sare, na wengi wanatafuta kwa haraka. Msianze na magauni ya harusi. Anzeni na sketi ya shule yenye marinda. Mnaijua, mmeishona hapa mara nyingi, na mteja wake yupo tayari.

Mzazi akija, kabla ya kushika futi, mwombe fomu ya kujiunga aliyopewa na shule. Humo mmeandikwa rangi, aina ya marinda na urefu unaotakiwa. Shule mbili za mtaa mmoja zinaweza kutofautiana, na bluu ya shule moja isikubalike nyingine. Mzazi akisema "shona tu kama za wengine", mwambieni kwa upole arudi na fomu. Sketi ikirudishwa getini, gharama ya kuirekebisha mtaibeba ninyi.

Sasa tufanye hesabu ya binti mmoja. Kiuno chake inchi 26, nyonga inchi 34, na urefu wa sketi chini ya mkanda ni inchi 27. Shule inataka marinda ya kulala upande mmoja, kuzunguka sketi nzima. Kwenye nyonga ongezeni inchi 2 za nafasi, mpate 36. Marinda yaliyoshiba hula kitambaa mara tatu ya kipimo hicho, kwa hiyo mnahitaji inchi 108 za mzunguko. Kitambaa cha sare chenye upana wa inchi 60 kikikatwa vipande viwili kinatoa 120. Mkiondoa kingo na mishono mnabaki na kama 116. Inatosha, na zile inchi 8 zinazozidi msizikate. Zifichieni kwenye mishono ya pembeni, maana huyu mtoto ana miaka minne ya kukua ndani ya shule hiyo.

Gawanyeni marinda 12. Kila rinda linaonekana inchi 3 kwa nje na kuficha inchi 6 ndani. Kumi na mbili mara tatu ni 36, nyonga imetimia. Hapa ndipo wengi hukosea: kiuno si 36. Kwa binti huyu kiuno ni 26 na inchi 1 ya nafasi, yaani 27. Mna inchi 9 za kupunguza. Msizitoe kwa kukusanya kitambaa chini ya mkanda, wala kwa kukaza rinda moja au mawili karibu na zipu. Zigawanyeni kwa marinda yote 12: kila moja liongezewe robo tatu ya inchi ya kulaliana pale juu kiunoni, kisha lifunguke taratibu mpaka lifike kipimo chake kwenye nyonga. Hapo kila rinda litaonekana inchi mbili na robo kiunoni na inchi 3 nyongani, na sketi itashuka imenyooka.

Kosa mtalijua kwa kumvisha mteja, asimame wima bila kuvuta tumbo. Marinda yakifunguka pale nyongani hali amesimama, nyonga imebana, basi fungueni mshono wa pembeni mtoe zile inchi mlizoficha. Yakikaa vizuri nyongani lakini yakatawanyika chini, tatizo ni upigaji pasi au kitambaa chenyewe. Pamba tupu haishiki rinda kwa muda mrefu. Kitambaa chenye mchanganyiko wa poliesta hushika, na katika mvua zetu za kuanzia Novemba hukauka upesi kuliko pamba, jambo ambalo mzazi mwenye sketi moja tu ya mtoto atalishukuru. Ila poliesta haipendi pasi ya mkaa yenye moto mkali. Wekeni kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa juu ya rinda, gandamizeni bila kuburuta, kisha acheni lipoe palepale kabla ya kulihamisha. Sehemu ikianza kung'aa, mmekwisha iunguza, na mng'ao ule hautoki kwa kufua.

Urefu nao una hesabu yake. Inchi 27 za sketi, 4 za pindo na 1 ya mshono wa juu ni 32. Vipande viwili ni 64. Mkanda wa kiuno ukatwe kwa upana wa kitambaa, utakula inchi 4. Jumla 68, na mita moja na robo tatu ina karibu inchi 69. Kwa hiyo kitambaa kinatosha, lakini kwa shida. Mwenye duka akikata kwa kupinda, kimepungua tayari. Kipimeni mbele ya mzazi pande zote mbili za kingo. Akiwa amekuja na mita moja kwa sababu jirani alimwambia inatosha, semeni palepale, kabla mkasi haujagusa kitu, kwamba marinda yatakuwa haba na yatafunguka mtoto akikaa. Aongeze kitambaa, au akaulize shule kama inaruhusu marinda machache ya mbele na nyuma tu.

Pindo la inchi 4 nalipenda sana. Fundi wa sare za jumla hawezi kuliacha, kwa sababu kwake kila inchi ni hasara. Ninyi mnaweza. Mwambieni mzazi kwamba mwakani mtoto akirefuka alete sketi, mtashusha pindo bila malipo. Sare zilizokwisha shonwa zinauzwa Mwanjelwa kwa bei ambayo hamtaiweza, na msishindane nazo kwa bei. Mzazi atawajia ninyi kwa sababu sketi yenu inamkaa binti yake leo na itamkaa mwakani.

Tuje kwenye fedha. Bei nitakazotaja ni za mfano, kila mmoja aweke za mtaa wake. Tuseme mzazi ameleta kitambaa chake. Zipu 500, uzi 500, gamu ya mkanda 800, kifungo 200, mkaa wa pasi 500. Hiyo ni 2,500. Mahali pa kukaa, tuseme mnalipa 40,000 kwa mwezi na mlinzi 8,000, jumla 48,000. Mkifanya kazi siku 24, kila siku inakula 2,000. Sketi moja kwa fundi mpya huchukua kama nusu siku, kwa hiyo inabeba 1,000. Wekeni 500 kwa ajili ya sindano, mafuta na matengenezo ya cherehani. Mmefika 4,000, na bado jasho lenu halijahesabiwa.

Sasa fundi wa jirani anashona kwa 5,000. Nanyi mkisema 5,000 mnabakiwa na 1,000 kwa nusu siku, na mtachoka kabla Februari haijafika. Mkisema 10,000 mnabaki na 6,000, na sketi mbili kwa siku zinawapa 12,000. Sisemi 10,000 ndiyo bei ya haki kila mahali. Kijijini Rungwe huenda isiwezekane. Nasema mjue ile 4,000 yenu kabla mteja hajaanza kupunguza, ili mjue mnaweza kushuka mpaka wapi na wapi mseme hapana.

Kipato kinaongezeka pia kwa kupunguza muda. Kateni kipimo cha katoni ngumu chenye alama za inchi 3 na 6, mtie alama za marinda kwa kukipanga badala ya kupima kwa futi kila rinda. Mkiwa na sketi kadhaa za shule moja, kateni zote, tieni alama zote, kisha pigeni pasi zote kwa moto mmoja wa mkaa. Mtaona wenyewe muda unavyopungua.

Kuhusu oda, nawasihi sana. Kama uwezo wako ni sketi mbili kwa siku kwa siku sita za wiki, hiyo ni 12 kwa wiki. Zihesabu wiki zilizobaki mpaka shule kufunguliwa, toa siku za Krismasi na Mwaka Mpya, toa siku mbili za cherehani kugoma, kisha zikijaa, sema zimejaa. Mzazi aliyeambiwa ukweli Desemba atarudi Juni. Yule ambaye mtoto wake amekwenda shule bila sare kwa sababu ya ahadi yenu hatarudi, na mtaa mzima utasikia.

Chukueni kianzio cha nusu na mwandike kwenye daftari: jina la mteja, vipimo, shule, kilicholipwa, kilichobaki na siku ya kuchukua. Bakizeni kipande kidogo cha kila kitambaa mkibane kwa pini kwenye ukurasa wa mwenyewe, maana bluu kumi mezani zinafanana jioni. Sketi isitoke kabla fedha haijakamilika, hata kwa shangazi. Najua ni vigumu. Mwambieni shangazi kwamba fedha ya zipu mlikwisha itoa mfukoni.

Wasio na cherehani wasikae nyumbani wakisubiri. Wawili au watatu wanaweza kushirikiana moja, mmoja akate na kupiga pasi, mwingine ashone. Sketi ya marinda inafaa mpango huo, kwa sababu muda mwingi unaishia mezani na kwenye pasi. Mkijisajili kama kikundi, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkaulize mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo haina riba na imetengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nendeni na daftari lenu la oda. Litaonyesha kwamba kazi ipo na fedha inaingia.

Mabinti wawili waliokuwa na shida ya mshono kuruka kwenye poliesta, wasinunue cherehani nyingine. Badilisheni sindano kwanza, kisha hakikisheni imeingia mpaka juu na imeelekea upande wake. Uzi ukifanya vitanzi chini ya kitambaa, rudieni kupitisha uzi wa juu tangu mwanzo, na mguu wa cherehani ukiwa umeinuliwa.

Vielelezo vyenu vya karatasi viko kwenye kabati la karakana, kila kimoja kina jina. Njooni mvichukue kabla ya Ijumaa, na mje na katoni ngumu. Nitakaa na kila anayetaka tukate kipimo chake cha marinda pamoja.

Mwalimu wenu wa karakana ya ushonaji,
Mbeya